Friji la soda dukani linakula shilingi ngapi kwa chupa?

Wauza duka wengi huangalia bei ya jumla na bei ya rejareja, wakaita tofauti yake faida. Soda uliyoinunua 550 ukaiuza 700 imekuachia 150, lakini friji bado halijachukua chake.

Anza na umeme. Usichukue wati zilizoandikwa nyuma ya friji ukazidisha kwa saa 24, maana kompresa huwaka na kuzima, na utapata namba kubwa kuliko ukweli. Siku ya kupima, zima taa na vingine vyote, andika namba ya uniti kwenye mita ya LUKU, kisha isome tena baada ya saa 24 duka likiwa linauza kama kawaida. Tuseme friji la kioo limekula uniti 5. Kwa bei ya karibu 357 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni 1,785 kwa siku. Kama stakabadhi yako ina bei nyingine, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata.

Friji lenyewe nalo linachakaa. La 1,200,000, likidumu miaka mitano, ni 20,000 kwa mwezi, yaani 667 kwa siku. Ongeza chupa moja inayoharibika kila siku: imepasuka, imepita tarehe, au imewekwa kwenye friza ikaganda. Hasara yake ni 550, si 150. Inakula faida ya karibu chupa nne nzima.

Jumla ni takriban 3,000 kwa siku. Gawanya kwa 150: chupa 20 za kwanza unalifanyia kazi friji. Ukiuza 30, kila chupa inabeba 100 na wewe unabaki na 50. Ukiuza 60, inabeba 50 na unabaki na 100.

Hesabu hiyo inageuka hivyo kwa sababu kupoza soda ni kazi ndogo. Kreti ya chupa 24 za mililita 350, kutoka nyuzi 30 hadi 5, haifiki hata robo uniti. Umeme mwingi huenda kwenye joto linalopenya kioo, mlango unaofunguliwa, na mpira wa mlango uliolegea. Bana noti kwenye mlango, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka. Vumbi kwenye kondensa ya nyuma au chini nalo hufanya kompresa iungurume bila kupumzika.

Kuzima friji usiku kunasaidia kama ndani kuna soda na maji tu. Maziwa na mtindi yakiwemo, acha liwake: pakiti mbili zikichacha, umeme uliookoa umeshapotea. Na kama friji halizimwi usiku, mzigo mpya upange nyuma, jioni baada ya wateja kupungua, ili asubuhi uwe umeshapoa.