Fundi aingie kompyuta 6 tu

"Fundi yuko Moshi, sisi Njiro. Nataka aingie kwa mbali kompyuta 6 za uhasibu tu. Nimemtia Remote Desktop Users kwenye Active Directory, bado anakataliwa."

Mkuu, kundi hilo ni la domain controller zenyewe; mtoe. Tengeneza kundi jipya, tuseme RDP-Uhasibu, umtie humo. Zile kompyuta 6 zihamishie OU ya peke yake, ufunge GPO hapo: Restricted Groups, Add Group, RDP-Uhasibu, kisha kisanduku cha chini, This group is a member of, andika Remote Desktop Users. Ukianza na Remote Desktop Users ukajaza kisanduku cha juu, waliokuwemo wote wanafutwa. Wengi huumia hapo.

Washa upya kompyuta moja, halafu angalia:

```
net localgroup "Remote Desktop Users"
```

RDP-Uhasibu isipoonekana, GPO haijafika.

— Si umpe uadmin yaishe?

Ataingia, ndiyo, ila na mishahara ataiona. Ingawa kwa RDP-Uhasibu peke yake hataweza kusakinisha programu, hapo mkubaliane.

— Yangu ya nyumbani ni Windows Home, hiyo GPO siioni.

Home haipokei Remote Desktop kabisa, dada. Hiyo ni kesi nyingine.