Makadirio ya mapato kwa biashara inayofuata mihula

"Nigawe mapato ya mwaka kwa 12, ilhali shule zikifungwa siuzi kitu?"

Ndugu, usigawe sawasawa. Chukua mauzo halisi ya kila mwezi uyagawe kwa wastani wa mwezi wa mwaka huohuo: ikiwa wastani ulikuwa 200,000 na mwezi wa kufungua shule uliingiza 360,000, uzito wake ni 1.8, na mwezi wa likizo ulioingiza 60,000 una 0.3. Jumla ya uzito wa miezi yote lazima iwe 12. Ukikadiria 3,000,000 mwakani, wastani ni 250,000; uuzidishe kwa uzito wa kila mwezi, hivyo miezi hiyo itasomeka 450,000 na 75,000. Kinachowaponza wengi ni kuufunga uzito kwenye jina la mwezi. Kalenda ya mihula ikisogea, nao uhamishe pamoja na tarehe ya kufungua.