Uliza kwanza sensa ilifanyika mwezi gani

Ripoti yangu ya kwanza ya uchambuzi wa sensa ilikuwa na sentensi ambayo hadi leo najuta kuiandika: kwamba wilaya fulani ya wafugaji inapungua watu kwa sababu vijana wanakimbilia mijini. Idadi ilikuwa imeshuka kati ya sensa mbili, nami nikashika sababu iliyokuwa karibu. Mzee mmoja aliyewahi kusimamia makarani huko aliisoma, akaniuliza, "Kijana, sensa ya kwanza ilikuwa mwezi gani, na hii ya pili mwezi gani?" Ya kwanza ilifanyika mvua zikinyesha, ya pili kiangazi kikiwa kimekolea. Watu walikuwa wamefuata maji. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii ili swali la yule mzee liwafikie mapema kuliko lilivyonifikia mimi.

Sensa huhesabu watu kwa njia mbili. Ya kwanza huuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa, na aliyelala ndiye anayehesabiwa, awe mwenyeji au mpita njia. Hiyo ndiyo de fakto, hesabu ya waliopo. Ya pili huuliza nani makazi yake ya kawaida ni hapa, hata kama usiku ule alikuwa mbali. Hiyo ni de jure, hesabu ya wakazi. Sensa za Kenya na Tanzania hutumia ile ya kwanza, na za karibuni zimeangukia mwezi mmoja: Kenya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, Tanzania tarehe 23 Agosti 2022. Agosti ni mwezi mkavu katika sehemu kubwa ya nyanda za malisho za nchi hizo. Ethiopia ilipofanya sensa ya 2007 ilihesabu sehemu kubwa ya nchi mwezi Mei, lakini mikoa ya Afar na Somali, yenye wafugaji wengi, ikahesabiwa Novemba. Tarehe huamua mfugaji atakutwa wapi.

Dodoso likiwa limetengenezwa vizuri, linakupa makundi matatu: wakazi waliolala, wakazi wasiokuwepo, na wageni. Waliolala ukiwajumlisha na wageni unapata waliopo. Waliolala ukiwajumlisha na wasiokuwepo unapata wakazi. Ni hesabu nyepesi, lakini ina shimo ambalo nitalionyesha kwa mfano niliojitungia.

Chukueni wilaya mbili jirani. Ya Juu ni kavu, ya Chini ina mto. Sensa inafanyika kiangazi. Juu wamelala wakazi 82,000 na wageni 3,000, na kaya zimetaja wakazi 9,000 wasiokuwepo, 5,000 kati yao wakisemekana wako Chini. Kwa hiyo waliopo ni 85,000 na wakazi ni 91,000. Chini wamelala wakazi 140,000 na wageni 21,000, na wasiokuwepo ni 4,000. Waliopo ni 161,000, wakazi 144,000.

Sasa waulize wale wageni 21,000 wa Chini kwao ni wapi. Tuseme 17,000 wanajibu Juu. Lakini Juu walitaja watu 5,000 tu walioko Chini! Hao 12,000 wengine hawakutajwa na mtu, na sababu yake ni ya kibinadamu kabisa: kijana akienda na ng'ombe peke yake, mama yake amebaki nyumbani na atamtaja kwa karani. Familia ikihama nzima, na mbuzi, na watoto, na vyombo, boma linabaki tupu. Karani anafika, anakuta mlango wa miiba umefungwa, anaandika "hakuna watu". Hakuna wa kumtaja mwenzake.

Kwa hiyo kwa wafugaji, jibu la mgeni kuhusu kwao lina uzito kuliko jibu la jamaa kuhusu asiyekuwepo. Mgeni anajisemea mwenyewe, tena yupo mbele ya karani. Jamaa anaweza kumtaja mwana aliyeondoka miaka mitatu iliyopita kama "yuko na mifugo, atarudi", kwa sababu moyoni mwake bado ni mtu wa nyumba ile. Warudishe wale 12,000 Juu na wakazi wake wanakuwa 103,000.

Tazama tofauti inavyofanya kazi. Tuseme sensa iliyopita, miaka kumi nyuma, ilifanyika wakati wa mvua, watu wakiwa kwao. Juu ilikuwa na 90,000 na Chini 118,000. Kwa hesabu ya waliopo, Juu imepungua, na Chini imekua kwa asilimia 3.1 kwa mwaka. Kwa hesabu ya wakazi iliyosahihishwa, Juu imekua kwa takriban asilimia 1.3 na Chini kwa asilimia 2. Kisha idara ya afya inakadiria watoto wa chini ya mwaka mmoja kuwa asilimia 3.5 ya watu. Zahanati za Juu zikichanja watoto 3,200 katika mwaka mzima, kwa msingi wa 85,000 kiwango cha chanjo ni asilimia 108. Kwa msingi wa 103,000 ni asilimia 89, yaani kuna watoto mia nne wasiofikiwa, ambao ile asilimia 108 ilikuwa imewafuta kabisa. Mkiona chanjo imevuka 100 katika wilaya ya malisho, anzeni kushuku idadi ya watu kabla ya kumshuku muuguzi.

Msidhani basi kwamba de jure inamaliza kila kitu. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa humtambua mkazi kwa mahali alipoishi sehemu kubwa ya miezi 12 iliyopita, yaani angalau miezi sita na siku moja. Familia iliyokaa miezi minne kwenye malisho ya mvua, mitatu njiani na mitano mtoni haina mahali palipofika miezi sita. Kanuni ya kuipangia makazi lazima iandikwe kwenye mwongozo wa makarani kabla ya siku ya sensa, kwa mfano pale ambapo wazee wa kaya hurudi kila mvua, na itumike sawa katika wilaya zote mbili. Zikitumika kanuni mbili, familia moja itahesabiwa mara mbili au isihesabiwe kabisa.

Kuna kosa jingine ambalo kwa nje linafanana na uhamaji, nalo ni kuongeza majina. Baada ya sensa ya Kenya ya 2009, serikali ilifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, za Mandera, Wajir, Turkana na Lagdera, ikieleza kwamba ongezeko lilizidi kile ambacho vizazi na vifo vingeweza kuleta na kwamba muundo wa umri na jinsia haukulingana na kawaida. Zilikuwa zimeripotiwa zaidi ya watu milioni 2.3, wakati makadirio yalikuwa kama milioni 1.3.

Mimi hutenganisha mambo hayo mawili kwa kuweka piramidi za umri za majirani, yaani michoro ya watu kwa umri na jinsia, bega kwa bega. Uhamaji huacha pengo upande mmoja na nundu upande wa pili, za umri uleule na jinsia ileile: wanaume wa miaka 15 hadi 34 wakikosekana Juu, wawepo wa ziada Chini. Nundu isiyo na pengo lake popote, hata ng'ambo ya mpaka ambako mifugo huvuka, ndiyo inayopaswa kukurudisha kwenye madodoso yenyewe, kaya kwa kaya.