Masimulizi yakikimbia, punguza maneno, usiongeze kasi

SWALI: Natengeneza video ya dakika 3 inayoonyesha jinsi ya kuziba pancha ya baiskeli. Nilisoma mahali kwamba msimulizi husoma maneno 150 kwa dakika, nikaandika maneno 430 ili nibaki na nafasi kidogo. Lakini nikirekodi inatoka dakika 3 na nusu, tena huku nakimbia. Rafiki ananishauri niongeze kasi ya sauti kwa asilimia 20 kwenye kompyuta na nifute vituo vyote vya pumzi. Je, nifanye hivyo, au ninunue maikrofoni bora?

JIBU: Usiongeze kasi, usifute pumzi, na pesa ya maikrofoni iweke kwanza. Kilichokupotosha ni ile hesabu ya maneno 150. Imesambaa kila mahali, na wanaoisambaza hawakuwahi kukaa na saa mkononi wakaipima kwa Kiswahili.

Kipimo hicho kimetoka kwenye Kiingereza, lugha iliyojaa maneno ya silabi moja. Sisi neno moja hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na kitendo. “Unaitumbukiza” ni neno moja lenye silabi saba. Kwa hiyo hesabu silabi, na bahati nzuri kwetu ni kazi rahisi: kila irabu ni silabi, ukiongeza ile “m” au “n” inayosimama peke yake kama katika “mtu” na “nchi”. Msimulizi mtulivu, anayeeleweka na mtu anayetazama mikono ikifanya kazi, husoma takriban silabi 5 kwa sekunde. Usichukue hata namba hiyo kwa imani. Soma ukurasa wako kwa utulivu kwa dakika moja, hesabu silabi ulizofikia, ugawe kwa 60. Hicho ndicho kipimo chako.

Sasa angalia maneno yako 430. Katika maandishi ya maelekezo kama haya, neno la Kiswahili hukaribia silabi 3. Tuseme 2.8, unapata silabi 1,200 na ushei. Kwa silabi 5 kila sekunde, hizo ni dakika 4 za kusema mfululizo, ndani ya video ya dakika 3. Ndiyo maana ulikimbia na bado hukufika. Na hata dakika 3 zote si zako: video ya kuonyesha kazi inahitaji theluthi moja ya muda bila maneno, ili macho yafanye kazi yake. Zinabaki sekunde 120 za kusema, yaani silabi 600, sawa na maneno kama 215. Nusu ya ulichoandika inatoka.

Wengi wakifika hapa hulalamika kwamba maelezo yatapungua. Yanayopungua ni yale ambayo picha imeshayasema. Chukua sehemu ya beseni. Tuseme shoti ina sekunde 12: mikono inazamisha tyubu, na kwenye sekunde ya 5 mapovu yanaanza kutoka. Kwa kawaida mtu huandika hivi:

“Baada ya kulitoa tairi, unachukua tyubu yako na kuijaza upepo kiasi, kisha unaitumbukiza ndani ya beseni lenye maji safi ili uweze kuona mapovu yanayotoka mahali palipotoboka, na hapo ndipo utakapoweka alama kwa kalamu.”

Ni maneno 33. Kwa kipimo cha maneno 150 kwa dakika zingekuwa sekunde 13, kwa hiyo mwandishi anaona karibu yanatosha. Hesabu silabi: ni 95. Hizo ni sekunde 19. Shoti imekwisha na msimulizi bado yuko kwenye mapovu, huku mtazamaji ameshaonyeshwa msasa. Kuanzia hapo kila sentensi inachelewa nyuma ya picha yake, na kuchelewa huko hurundikana hadi mwisho wa video.

Tairi kutolewa, tyubu kujazwa upepo, beseni, maji: vyote vinaonekana. Kisichoonekana ni sababu ya kuizamisha, na kosa ambalo mtu hufanya mara tu baada ya kuona mapovu, yaani kuinua tyubu bila kushikilia tundu kwa kidole, akalipoteza. Andika hayo mawili tu:

“Mapovu yataonyesha palipotoboka.” (Silabi 14, karibu sekunde 3.)

“Usiachie kidole. Kausha, kisha weka alama.” (Silabi 18, karibu sekunde 4 pamoja na kituo.)

Sentensi ya kwanza ianze sekunde ya 1, iishe kwenye ya 4. Mapovu yatokee kwenye ya 5 pakiwa kimya, sauti ya maji tu isikike. Sentensi ya pili ianze kwenye ya 7 na nusu, iishe kabla ya ya 12. Mtazamaji anaambiwa atafute nini, anakiona mwenyewe, kisha anaambiwa afanye nini. Ukizungumza juu ya mapovu yenyewe, unamnyang'anya kile ulichomwahidi.

Fanya hivyo kwa kila shoti. Gawa karatasi safu tatu: picha na urefu wake kwa sekunde, maneno, idadi ya silabi. Kisha rekodi sauti ya kupimia kwa simu, bila kujali ubora, uiweke chini ya picha na utazame yote. Pasipoenea, anza kwa kukata maneno. Ikishindikana, refusha shoti au ongeza picha ya karibu ya kitu kilekile. Picha zikishatulia ndipo unarekodi sauti ya kweli.

Wakati wa kurekodi usitazame video. Najua wengi hufundisha kinyume, kwamba usome huku picha zinapita, na ndicho chanzo kingine cha kukimbia: jicho likiona shoti inakaribia kuisha, mdomo unaongeza mwendo, na sentensi ya mwisho ya kila aya inatoka imebanwa. Soma aya moja moja ukiwa na saa tu. Aya ikizidi muda wake, ifupishe kwa kalamu, usiirudie kwa kasi. Maikrofoni iwe umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili “p” na “b” zisiipige moja kwa moja, na kilele cha sauti kicheze kati ya desibeli -12 na -6. Chumba chenye nguo, mapazia na godoro kitakusaidia kuliko maikrofoni ya bei kubwa ndani ya chumba kitupu. Kabla hujazima, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba hicho hicho. Utauhitaji.

Ukikosea neno, usirudie neno. Rudia sentensi nzima, tena uanzie sentensi iliyotangulia, kwa sababu neno lililopachikwa peke yake huwa na kimo tofauti cha sauti na sikio hulishika papo hapo.

Kwenye kupanga sauti chini ya picha, usiianzishe sentensi palepale picha inapobadilika. Jicho linahitaji kama nusu sekunde kutambua linatazama nini, yaani fremu 12 au 13 ikiwa video yako ina fremu 25 kwa sekunde. Sauti ikiingia na picha kwa pamoja, silabi za mwanzo hazisikilizwi. Mwisho nao uachie nusu sekunde kabla ya shoti inayofuata.

Nafasi unazofungua kati ya sentensi zijaze kwa ule ukimya wa chumba uliourekodi. Ukiacha utupu kamili, mlio hafifu wa chumba unakatika na kurudi, na mtazamaji anadhani sauti imeharibika. Kuhusu pumzi, inayosikika sana ishushe kwa desibeli 6 hadi 10, basi. Pumzi humjulisha msikilizaji kwamba wazo moja limekwisha na lingine linakuja. Kile kitufe cha kufuta ukimya wote kwa mpigo hakijui kituo kipi kilikuwa cha kazi na kipi kilikuwa cha kupiga chafya. Kinavila vyote.

Narudi kwenye asilimia 20, kwa kuwa ushauri huu unatolewa kila siku kana kwamba hauna gharama. Kwa hesabu tu, rafiki yako hajakosea: sekunde 210 ukizigawa kwa 1.2 unapata 175, na video inaenea. Lakini hizo 210 tayari ulizisoma kwa kukimbia. Sasa unazisukuma hadi karibu silabi 7 kwa sekunde, na mtu huyohuyo anatakiwa atazame vidole, aelewe na akumbuke. Asilimia 2 au 3 kwenye sentensi moja iliyozidi kidogo hakuna atakayeigundua. Ishirini kwa video nzima hubana irabu na vituo kwa pamoja, sauti inaanza kuwa na mlio wa bati, na watazamaji wanaopenda kutazama kwa kasi ya 1.5 wataisikia kwa mara 1.8 ya ulivyosema.

Na kuna hatari ya lugha yetu wenyewe, ambayo hao wauza njia za mkato hawaigusi kabisa. Kwetu kukanusha hukaa ndani ya kitenzi, mara nyingi katika silabi moja isiyo na mkazo. “Uikaze” na “usiikaze” zinatofautiana kwa “si” tu, na hiyo “si” ndiyo ya kwanza kumezwa msimulizi anapokimbia au kompyuta inapobana sauti. “Usibandike kiraka kabla gundi haijakauka” husikika “ubandike kiraka kabla gundi haijakauka”. Kwenye pancha, hasara ni kiraka kubanduka. Lakini watu wanatumia mbinu hiyohiyo kwenye video za dawa ya kuua wadudu, za nyaya za umeme, za kumhudumia mtoto mwenye homa. Ukitengeneza video ya namna hiyo, chukua karatasi yako uzungushie kila kitenzi cha kukanusha, cheza sehemu hizo peke yake kwenye spika ya simu, sauti ikiwa nusu, na umwite mtu ambaye hajaisoma karatasi akuambie amesikia afanye nini. Akijibu kinyume hata mara moja, rudia kurekodi sentensi hiyo taratibu, na umtengee mtazamaji nusu sekunde ya kimya kabla yake.