Re: Dakika moja na bosi kwenye lifti

> "Wakuu, nikikutana na bosi kwenye lifti naishia 'shikamoo' na 'kazi zinaendelea'. Ile dakika niitumieje?"

Mkuu, shikamoo ibaki. Kinachokuangusha ni hiyo "kazi zinaendelea", maana haimpi bosi cha kujibu. Ukiondoa salamu unabaki na nafasi ya sentensi tatu: jambo limefika wapi, limekwama wapi, unaomba nini. Mfano:

"Bosi, ripoti ya mauzo iko tayari, isipokuwa tawi la Mwanza halijaleta takwimu. Tunaweza kuipeleka bila Mwanza au kusubiri hadi Ijumaa. Naomba dakika kumi kesho asubuhi uamue."

Ona kwamba ameombwa muda tu, hajaombwa uamuzi palepale. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanaomba idhini ya fedha au likizo mtu akiwa hana karatasi mbele yake. Jibu salama kwake ni "ngoja kwanza", na bosi akishasema hivyo mbele ya watu, kumrudisha nyuma ni kazi.

Kama kuna wengine ndani ya lifti, usitaje mishahara, bei za zabuni wala jina la mwenzako aliyechelewesha. Sema tu, "Nina jambo la Mwanza, nipitie saa ngapi?" Akiwa anasoma simu au anajibu kwa "mh", salimia uishie hapo.

Akikubali, mtumie ujumbe ndani ya saa hiyohiyo: "Bosi, kama tulivyokubaliana, nakuja kesho saa nne kuhusu takwimu za Mwanza." Usipoandika, akifika mezani atakuta mengine na ahadi ya koridoni itapotea.