Baba kanipa kiwanja bure, kwa nini ushuru uhesabiwe kwa bei ya soko?

"Baba yangu anataka kunipa kiwanja chake cha mjini, hapa Busia upande wa Uganda, nami simlipi hata shilingi. Nimeambiwa nitalipa ushuru kwa bei ya soko, na kwamba huenda naye akadaiwa kodi. Inawezekanaje?"

Ndugu yangu, nilipitia jambo hili pale marehemu baba aliponipa yadi yake ya mbao, naye alikuwa hai na akiendelea na biashara. Kwenye fomu ya uhamisho tuliandika shilingi milioni 10, kwa sababu mtu tuliyemwamini alituambia kwamba zawadi haina bei na kwa hiyo tunaweza kujaza kiasi chochote. Fomu zilipofika kwa mtathmini wa serikali, kiasi chetu hakikuwa na uzito wowote. Alifika kiwanjani, akatazama upana wake upande wa barabara, akauliza viwanja vya jirani viliuzwa kwa kiasi gani, kisha akaandika milioni 165. Ushuru wa stempu kwa uhamisho ni asilimia 1.5 ya thamani hiyo, yaani shilingi 2,475,000, ilhali sisi tulikuwa tumeweka kando 150,000. Fomu zililala wiki kadhaa tukitafuta fedha.

Ushuru huo hutozwa kwa sababu umiliki unahama kwa maandishi, na sheria inatazama thamani ya kinachohama, wala haiulizi kama kuna aliyelipwa. Kwa hiyo msiandike bei ya kubuni. Andikeni wazi kwamba ni zawadi ya mzazi kwa mtoto, mkasubiri thamani ya mtathmini kabla ya kutengeneza namba ya malipo kwenye tovuti ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda.

Deni la pili ndilo lililotushtua zaidi, na hilo ni la baba yako, si lako. Katika sheria ya kodi ya mapato, anayetoa mali kwa zawadi huhesabiwa kana kwamba amepokea thamani yake ya soko ya siku ile. Swali la kujiuliza kwanza ni hili: je, kiwanja hicho ni mali ya biashara? Kama ni pale anapoishi tu, kanuni ninayoieleza hapa haimgusi. Yadi ya baba ilikuwa ya biashara bila ubishi, kwa kuwa mbao zilishushwa na kuuzwa pale pale, na marejesho yake ya kodi yalisema hivyo. Sheria inaahirisha hesabu hiyo mali inapohama kati ya mume na mke, au inapomfikia mrithi baada ya mwenyewe kufariki. Zawadi kwa mtoto wakati mzazi yu hai haimo katika nafuu hizo.

Baba alikuwa amenunua kiwanja kwa milioni 30. Tukiishia hapo, faida ya kutozwa kodi ingekuwa 165 kutoa 30, yaani milioni 135, na fedha hizo hakuna aliyezishika mkononi. Lakini gharama ya msingi haiishii kwenye bei ya kununua, bali hujumlisha pia ada za kupata mali na matumizi ya kuiboresha, ilimradi ziwe na ushahidi. Mama alitoa bati la biskuti lililojaa risiti: safari za malori ya kifusi kilichojaza bonde upande wa nyuma, mawe na saruji ya ukuta, malipo ya mpimaji na wakili. Nyingine zilikuwa nakala za kaboni zilizofifia hata ikabidi kuzisoma kwenye mwanga wa dirisha. Zilizosomeka zilifika milioni 45, faida ikashuka hadi milioni 90, kabla ya marekebisho ya mfumuko wa bei. Faida hiyo huingizwa katika mapato ya biashara ya mtoaji ya mwaka huo, na kwa mtu binafsi sehemu kubwa ya kiasi kama hicho huangukia kiwango cha asilimia 30. Risiti za mama, basi, ziliokoa karibu milioni 13.5 za kodi, na zile zisizosomeka zilitupotea kabisa.

Usitamani, kwa hofu hiyo, thamani ipunguzwe kwa njia za pembeni. Thamani ya soko ya siku ya zawadi ndiyo inayokuwa gharama yako wewe mpokeaji. Chukua namba za yadi yetu: ukiendesha biashara pale, kisha siku moja ukauza kwa milioni 200, faida yako itaanzia 165 na si 30 aliyoilipa baba. Ukiwa na karatasi yenye milioni 10, utajikuta unatozwa kodi kwa ongezeko la thamani lililotokea kabla hujawa mwenye mali.

Kwa hiyo, kabla ya baba kutia saini, kaa naye mfungue marejesho yake ya miaka iliyopita mwone kiwanja kimetajwaje, mtafute risiti zote, na mwombe mhasibu akadirie kodi yake kwa bei ambayo majirani wameuziana hivi karibuni. Kama hana fedha za kulipa kodi hiyo, ahirisheni kutia saini. Ukishapata thamani ya mtathmini, tunza nakala yake pamoja na hati ya zawadi na risiti ya ushuru. Mimi nimeziweka ndani ya bati lile lile la mama.