Anza na dakika anazoziweza

"Kijana wangu yupo kidato cha pili, tunaishi Nkuhungu. Nikimwambia asome saa mbili mfululizo, muda si mrefu anachezea kalamu. Nimpangieje ratiba?"

Mama, kwanza mpime. Siku tatu hivi, kaa karibu bila kumsemesha, uangalie saa anapoanza kusoma na anapoanza kuangalia dirishani. Tuseme ni dakika 17. Basi kipindi chake kiwe dakika 15, ili amalize kabla hajachoka.

Akishatoka shule, ale na apumzike, jua lipoe. Saa 1:00 usiku aanze hesabu, 1:15 asimame, 1:20 arudi kwenye hesabu, 1:35 apumzike tena, 1:40 hadi 1:55 baiolojia. Kisha mwachie, mle.

Usimwambie "soma hesabu". Mwandikie kwenye karatasi: maswali manne ya milinganyo. Akiona mwisho wa kazi, hatangitangi sana.

Mapumziko ndiyo yanayoharibu ratiba nyingi. Anywe maji, azunguke uani, ila simu asiiguse. Dakika tano za video huwa nusu saa, na ugomvi juu. Akimaliza vipindi wiki nzima bila kukumbushwa, ongeza dakika tano. Akianza tena kuchezea kalamu, punguza.

Kama anasogeza daftari puani au kichwa kinamuuma, apimwe macho. Na kama tangu utotoni hatulii popote, shuleni wala nyumbani, mpeleke kwa daktari.